Kusubiri matokeo hakupigiki picha: mpe binti kazi nyingine

*Shikamoo Mwalimu. Naandika skripti ya filamu fupi, dakika nane hivi. Inahusu binti anayesubiri matokeo ya mtihani jioni moja, tangu saa kumi na mbili mpaka yanapotoka. Nina sini kumi na moja: anatazama simu, anatazama saa, anajilaza, anakumbuka chumba cha mtihani, anatazama simu tena. Wenzangu wawili wameisoma wakasema inachosha. Mimi nataka mtazamaji auhisi urefu wa jioni ile. Nifanyeje isichoshe, na kusubiri kwenyewe kubaki?*

Marahaba. Wenzako hawajakuonea, ila usikimbilie kufupisha. Ukizipunguza sini kumi na moja zikawa sita, utapata filamu fupi zaidi yenye kuchosha vilevile.

Chukua kalamu upigie mstari kila kitenzi cha binti yako. Anatazama, anatazama, anajilaza, anakumbuka, anatazama. Sasa jiulize ni kipi kati ya hivyo kinaweza kwenda mrama. Hakuna. Mtu hawezi kutazama simu vibaya, wala hakuna anayejilaza akakosea. Jambo lisiloweza kuharibika halimpi mtazamaji sababu ya kuendelea kulifuatilia, hata ukimpigia muziki wa huzuni chini yake.

Kusubiri kuko ndani ya mtu, na kamera haina mlango wa kuingilia humo. Inachoweza kupiga ni alama ambazo kusubiri kunaziacha kwenye jambo lingine. Kumbuka siku uliyosubiri habari kubwa wewe mwenyewe. Sidhani ulikaa ukitazama ukuta. Pengine ulisoma ukurasa mmoja mara nne, ukafunga mlango funguo zikabaki ndani, ukaitikia swali ambalo hukulisikia. Aliyekuwa karibu nawe aliona unasubiri kwa sababu uliharibu kazi nyingine. Basi mpe binti kazi nyingine aiharibu.

Si kila kazi itafaa. Kufagia hakufai, kwa sababu chumba kilichofagiwa ovyo hakionekani tofauti sana kwenye picha. Kushona kunakaribia: sindano inachoma kidole, uzi unakatika, na nguo ina mwisho unaoonekana. Lakini anayeshona yuko peke yake, na ukimwacha mtu peke yake kwa dakika nane utaanza kumtafutia sauti ya mawazo ili atueleze yaliyomo moyoni. Kinachotakiwa ni kazi yenye mwisho unaoonekana kwa jicho, inayodai akili iwepo, na inayofanywa pamoja na mtu wa pili anayeuliza maswali. Mimi ningemkalisha mezani na mdogo wake mwenye hesabu ishirini za kumaliza kabla ya kulala.

Hapo umepata mambo mawili bila kutoa jasho. Daftari limekuwa saa yako: likiwa na hesabu tatu bado ni mapema, likiwa na kumi na sita usiku umeingia, na huhitaji kutuonyesha saa ya ukutani hata mara moja. Halafu binti anayesubiri alama zake anageuka kuwa yeye ndiye anayesahihisha. Huo mgeuko sitaueleza kwa maneno popote kwenye skripti. Utafanya kazi wenyewe.

Nakuandikia mwanzo uone ninavyokusudia. Majina nimeyaokota tu, weka yako.

NDANI. SEBULE – JIONI

Meza moja, viti vitatu. Dirishani, mwanga wa mwisho wa jua.

KITO (miaka 8) ameinamia daftari la hesabu. RUKIA (miaka 17) yuko nyuma yake. Amesimama.

KITO
Dada, zote ishirini?

RUKIA
Zote. Kabla Mama hajarudi.

KITO
Anarudi saa ngapi?

RUKIA
Saa mbili na nusu.

KITO
Na simu yake?

Rukia anamtazama.

RUKIA
Anarudi nayo. Andika.

Kito anaandika namba moja. Anaizungushia duara. Analinakshi duara.

KITO
Wakikupa hamsini umefaulu?

RUKIA
Hamsini na kuendelea. Kito. Ya kwanza.

Tazama tulichopanda hapa. Matokeo yatakuja kwa ujumbe kwenye simu ya mama, na mama yuko kazini. Alama ya kufaulu ni 50. Hakuna aliyesema "leo ni siku ya matokeo ya mtihani wangu wa mwisho", kwa kuwa wote wawili wanajua, na watu hawaelezani wanayoyajua. Anayeuliza ni mtoto, na mtoto ana ruhusa ya kuuliza waziwazi. Ndiyo faida nyingine ya kumweka pale.

Simu nimeiondoa nyumbani makusudi. Binti mwenye simu mkononi atairudia kila mara, nawe utaandika "anatazama simu" mpaka vidole viume. Na tafadhali, usiniletee betri inayoelekea kuisha. Kila skripti ya kusubiri ninayopewa kuisoma ina betri ya asilimia tatu. Simu ikiwa mbali, kila kishindo cha nje kinakuwa habari:

NDANI. SEBULE – USIKU

Pazia limefungwa. Daftarini, hesabu saba zimekwisha.

Rukia yuko dirishani, kidole kimoja kimelisogeza pazia.

KITO
Saba mara nane?

Nje, hatua za miguu. Zinakaribia.

KITO
Dada. Saba mara nane.

RUKIA
Hamsini na nne.

Hatua zinapita. Zinafifia.

Kito anaandika: 54.

Rukia bado yuko dirishani.

Hesabu hiyo ni 56. Watazamaji wengine watanasa kosa, wengine halitawagusa, na wote wako salama, maana tutalirudia. Angalia tu kwamba sijaandika "Rukia ana wasiwasi". Mwigizaji akipewa neno "wasiwasi" atakunja uso na kusugua viganja. Akipewa hatua za kusikiliza na swali la kujibu kwa wakati mmoja, wasiwasi utakuja bila kuitwa.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo hasa limeikwamisha skripti yako. Kwako, binti na mtazamaji wanayapata matokeo sekunde ileile. Kwa dakika saba wote wawili hawajui kitu, kisha wote wanajua, filamu imekwisha. Mtazamaji hakuwahi kuwa na kitu mkononi.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alikuwa na mfano wake wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, bomu linalipuka ghafla, watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15. Lakini waonyeshe bomu kwanza, pamoja na muda wa kulipuka, na soga ileile ya kipuuzi inawapa taharuki ya dakika 15, kwa sababu sasa wanataka kuwapigia kelele wale watu waondoke. Mfano huu umerudiwa mpaka umechakaa, nami nisingeuleta kama usingekaa sawasawa na tatizo lako. Matokeo ya mtihani ni bomu lako. Swali ni nani alione kabla ya binti.

Jibu langu ni mama. Arudi, ujumbe uingie binti akiwa hayupo chumbani, mama ausome, na sisi tumwone akiusoma bila kuonyeshwa kilichoandikwa. Kuanzia hapo kusubiri kumebadilika. Mwanzoni tulikuwa tunasubiri matokeo yatoke, na hilo hakuna aliyepo mezani mwenye uwezo nalo. Sasa tunasubiri mtu aliyeketi hapo aseme au asiseme, na kila dakika ya kimya ni uamuzi wake.

NDANI. SEBULE – USIKU

Hesabu kumi na sita zimekwisha.

MAMA (miaka 45) ameketi, viatu bado viko miguuni. Simu yake iko katikati ya meza, kioo juu. Hakuna anayeitazama.

RUKIA
Nakuletea maji.

Anaingia jikoni. Sauti ya bomba.

Simu inatetemeka mezani.

Kito anainua kichwa. Mama anajiwekea kidole mdomoni: nyamaza.

Mama anasoma. Mwanga wa kioo usoni mwake.

Jikoni, bomba linafungwa.

Mama anaigeuza simu, kioo chini.

Rukia anatoka na glasi. Anaiona simu ilivyolala.

RUKIA
Imelia?

MAMA
Ni kazini.

Bomba la jikoni halipo kwa ajili ya maji. Lipo ili Rukia asisikie mtetemo, na lifungwe wakati ule ambao mama anahitaji sekunde mbili zaidi. Waandishi wengi wachanga huacha sauti mikononi mwa mhariri, wakati katika filamu ya chumba kimoja sauti ndiyo inayofanya kazi ya mlango: nani amesikia, nani hakusikia. Iandike.

Kuna pia Kito, ambaye sasa amekuwa mshiriki wa siri bila kutaka. Mtoto wa miaka minane aliyeambiwa anyamaze ni bomu la pili.

Utaniuliza, mama aonyeshe uso gani anaposoma? Usimwandikie uso wowote. Lev Kuleshov, mwalimu na mwongozaji wa Kirusi, takriban miaka 100 iliyopita aliunganisha picha moja ya uso wa mwigizaji, isiyobadilika, mara na bakuli la supu, mara na maiti jenezani. Kwa mujibu wa simulizi ya jaribio hilo, watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha majonzi. Uso ulikuwa uleule. Mtazamaji ndiye aliyeujaza kwa kile kilichowekwa kando yake. Kwako, kando ya uso wa mama kuna mkono unaogeuza simu. Ukimwandikia "macho yanamlengalenga machozi", umeshatangaza matokeo, na dakika mbili zinazofuata zimekufa. Akibaki mtupu, nusu ya ukumbi itasema amefaulu na mama anataka kumshtukiza, nusu itasema la. Huo ubishi ndio filamu yako.

Inayofuata ndiyo sini niliyoiandika upya mara nyingi zaidi.

Mama anavuta daftari la Kito. Kidole chake kinashuka ukurasani, hesabu kwa hesabu.

Kinasimama.

DAFTARI: 7 × 8 = 54

Mama anachukua kifutio. Anafuta 54. Taratibu. Anapuliza vumbi la kifutio.

KITO
Dada ndiye aliyeniambia.

Mkono wa Mama umetulia juu ya daftari.

Rukia anaitazama nafasi tupu baada ya alama ya sawasawa.

Kisha anaitazama simu.

Katika rasimu yangu ya kwanza Rukia alisema hapa: "Yametoka." Nikaliona ni neno zuri, fupi, lenye uzito. Nikalifuta siku ya pili. Mtazamaji anafika kwenye jibu hatua moja kabla ya neno hilo, na ukimtamkia jambo aliloligundua mwenyewe unamnyang'anya. Namna ya kujua kama neno linahitajika ni kulifunika kwa kidole na kumpa mwingine asome. Akielewa bila hilo neno, lilikuwa lako wewe, si la filamu.

Tambua vilevile kwamba binti hajui matokeo kwa kusoma simu. Anayajua kwa kifutio. Mama asiyejua kitu angecheka kosa lile, angemtania binti yake msomi. Mama anayefuta kimyakimya, kwa uangalifu kama anayesafisha kidonda, ameshaona namba. Simu inakuja baadaye kuthibitisha tu, na ndiyo sababu inaweza kuonyeshwa kwa sekunde mbili.

Sasa kisengerenyuma chako cha chumba cha mtihani. Kitoe. Najua unakipenda. Lakini kinahitaji mahali pa pili, madawati, wanafunzi wa kujaza viti, na msimamizi, yote kwa sekunde 20 zinazotuambia kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Kibaya zaidi, kinamtoa mtazamaji kwenye chumba. Jioni ndefu huwa ndefu kwa sababu hakuna pa kutokea. Kila unapokata kwenda kwingine unamfungulia dirisha apumue. Kama kuna jambo la mtihani ni lazima lijulikane, lipitie kwenye hesabu za Kito. Ile 54 imeshatuambia somo gani lilimshinda.

Tuje kwenye urefu, maana umesema dakika nane. Kipimo cha kawaida, ukurasa mmoja kwa dakika moja, kinategemea skripti iliyopigwa kwa herufi za Courier ukubwa wa 12, yenye mchanganyiko wa kawaida wa maneno na matendo. Watayarishaji huugawa ukurasa sehemu nane ili kupanga siku za kupiga picha. Filamu ya kusubiri huvunja kipimo hicho, kwa kuwa sentensi "Mama anafuta 54, taratibu" inakula mstari mmoja wa karatasi na huenda ikachukua sekunde 15 kwenye kioo. Niliwahi kuandika skripti ya kurasa sita ya mtu aliyekesha akingoja simu, nikaahidi dakika sita. Mkato wa kwanza ulikuwa na dakika kumi na kitu. Nilikuwa nimemwonyesha saa ya ukutani mara sita, na mhariri akazitoa zote bila mtu yeyote kugundua.

Kwa hiyo usihesabu kurasa. Shika saa, soma skripti kwa sauti, na yale matendo yatende kwa mikono yako: futa kweli, puliza kweli, kaa kimya kweli. Na kwenye karatasi, kila tendo unalotaka likae peke yake kwenye kioo lipe mstari wake, na mstari mtupu chini yake. Ndiyo maana "Kinasimama" nimeiandika peke yake. Msomaji anayesoma haraka analazimika kusimama naye. Ukizibana sentensi hizo katika aya moja nene, mwongozaji atazipiga katika shoti moja ya haraka, na hutakuwa na la kumlaumu. Zile hesabu kwenye daftari nazo zitakusaidia kuruka muda: kati ya sini ya kwanza na ya pili tumeruka zaidi ya saa nzima, na hakuna anayelalamika kwa sababu namba zimeongezeka. Si lazima kila kuruka kuwe sawa. Ningeruka kwa ukubwa mwanzoni, na tangu mama aigeuze simu nisiruke tena hata sekunde moja. Mtazamaji atahisi usiku umeanza kutambaa wakati kusema kweli umeacha tu kukatwa.

Mwisho. Wengi hupenda kukatia pale mkono unapogusa simu, tusijue alipata nini. Mimi siupendi huo mwisho kwa filamu hii. Umemfanya mtu angoje dakika nane, halafu unamnyima ulichomwahidi na kukiita fumbo. Fumbo linafaa pale ambapo swali lenyewe limebadilika njiani kiasi kwamba jibu halina maana tena. Hapa jibu bado lina maana. Onyesha namba. Kinachopaswa kubaki wazi ni atafanya nini nayo.

Rukia anaigeuza simu.

KIOO CHA SIMU: orodha ya masomo. Namba nzuri, nzuri, nzuri. Chini kabisa: HISABATI 47.

Kimya. Jikoni, bomba linadondosha tone. Lingine.

KITO
Ngapi?

Rukia anavuta kiti. Anaketi. Analisogeza daftari mbele ya Kito.

RUKIA
Saba mara nane.

KITO
Hamsini na...

Anamtazama dada yake amsaidie.

RUKIA
Usikisie. Hesabu.

Kito anaanza kuhesabu kwa vidole. Midomo inatembea.

Rukia anasubiri.

GIZA.

Nimechagua 47 kwa sababu 12 ingekuwa msiba na 49 ingekuwa mzaha wa mwandishi. Masomo mengine amefaulu, na hivyo ndivyo matokeo yalivyo kwa watu wengi: habari mbili ndani ya ujumbe mmoja. Kuketi kwake ni mara ya kwanza usiku kucha. Ukirudi sini ya kwanza utaona tulimwacha amesimama makusudi, kwa hiyo mwongozaji akimkalisha mapema kwa kumhurumia mwigizaji, mwisho umeporomoka. Waandikie wazi kwenye skripti kwamba haketi. Na kitenzi "anasubiri", nilichokukataza, nimekitumia mara moja, pale ambapo mwishowe kinaonekana: kuna mtoto anayehesabu, na kuna mtu anayemvumilia.

Mawili ya vitendo kabla hujaanza kuandika upya. Ile sini moja yenye jua dirishani iwe moja tu, kwa sababu mwanga ule haudumu, na mkikosea mara tatu mmepoteza siku. Nyingine zote ziwe na pazia lililofungwa. Mtafunika madirisha kwa kitambaa kizito cheusi na kupiga usiku wenu saa nne asubuhi, mtoto akiwa hajachoka.

La pili linatukuta sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Rukia anasema mama anarudi saa mbili na nusu, na anayeandaa vifaa akilisoma neno hilo haraka atakuwekea simu inayoonyesha 02:30. Nimeona kosa hilo likigunduliwa kwenye uhariri, muda ambao hakuna tena la kufanya. Kwenye mazungumzo acha saa zetu kama zinavyosemwa, na kwenye maelezo ya kioo andika tarakimu zenyewe zitakazoonekana. Mama amerudi saa mbili na nusu, ujumbe umeingia baadaye kidogo, kwa hiyo juu ya ile orodha ya masomo andika: 20:52.